Seli moja iko chini: usiongeze asidi kabla ya kuijaza betri

Swali: Mtaalamu, nina betri ya maji ya volti 12, Ah 100, inayotumika na sola kwenye saluni yangu ya kunyolea hapa Singida. Ina mwaka na nusu. Siku hizi mashine zinazima kabla ya saa kumi jioni. Fundi kapima kwa haidromita: seli tano zimesoma 1.205, ya nne imesoma 1.150. Anasema ataongeza asidi kwenye hiyo seli. Nimkubalie, au ninunue betri nyingine?

Jibu: Asidi isiongezwe sasa, na pesa ya betri mpya itunze kwanza. Kilichopimwa ni betri ambayo haijajaa, na betri ambayo haijajaa haidromita haiwezi kukuambia kama ni nzima au mbovu. Inakuambia tu chaji iliyomo. Hukumu inatoka kwenye vipimo vya pili, vinavyochukuliwa baada ya betri kujazwa mpaka mwisho, na hapo ndipo utajua seli ya nne ina ugonjwa gani.

Naomba uelewe kwanza kwa nini namkatalia fundi wako, maana kosa hili linaua betri nyingi ambazo zingeweza kuendelea kufanya kazi. Ndani ya kila seli kuna plati za risasi zilizozama kwenye asidi iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi haipotei. Inaingia kwenye plati na kugeuka salfeti ya risasi, na mchanganyiko unaobaki unazidi kuwa maji. Kila Ah moja inayotoka inameza takriban gramu 3.7 za asidi katika kila seli. Ukichaji, salfeti inavunjika na asidi inarudi ilikotoka. Haidromita inapima jambo moja tu: mchanganyiko ule una uzito mara ngapi ya maji. Maji matupu yanasoma 1.000. Betri nyingi zikijaa zinasoma karibu na 1.265, zikiwa nusu karibu na 1.190, zikiisha kabisa karibu na 1.120.

Sasa itazame seli yako ya nne. Kusoma 1.150 kunaweza kuwa na maana kwamba asidi yake imekimbia, lakini kwa kawaida maana yake ni kwamba asidi ipo ndani ya plati inasubiri chaji. Fundi akimimina asidi mpaka isome 1.205 kama wenzake, leo mtafurahi wote wawili. Kesho ikichajiwa vizuri, asidi iliyokuwa kwenye plati inatoka na kuikuta ile ya fundi. Wenzake watafika 1.265, yenyewe itapanda hadi karibu 1.320. Asidi kali kiasi hicho inakula fremu za plati chanya pamoja na vitenganishi vilivyo katikati ya plati, na huwezi kuitoa tena kwa urahisi. Seli iliyokuwa na njaa inageuka seli iliyoungua.

Kabla ya kuchaji, muulize kijana anayekaa saluni kama kuna mtu aliongeza maji ya betri siku hiyo au jana yake. Maji ni mepesi kuliko asidi, kwa hiyo yanakaa juu, na haidromita inanyonya ya juu. Seli iliyotoka kuongezwa maji itasoma chini hata kama haina tatizo lolote. Angalia pia kimo cha maji katika seli zote sita. Kama ya nne imejaa mpaka shingoni kuliko wenzake, hapo kuna sehemu ya jibu: kuna mtu aliizidishia, na huenda ikawa inafurika wakati wa chaji na kumwaga asidi kidogo kidogo juu ya betri. Kinyume chake pia ni kweli. Seli iliyopungukiwa maji inasoma juu kuliko hali yake, maana asidi ni ileile lakini maji yamepungua. Kama plati zimeanza kuonekana, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka zifunikwe tu. Kujaza mpaka alama ya juu kunafanyika baada ya chaji, kwa sababu kimo kinapanda betri inapochajiwa.

Kipimo chenyewe kinataka utulivu kidogo. Tumia haidromita ya kioo yenye boya lenye namba, siyo ile ya vipira vya rangi wala ya mshale wenye rangi nyekundu na kijani. Hizo zinatosha kukuonyesha kwamba betri ina chaji au haina, lakini tofauti ya 0.020 kati ya seli na seli, ambayo ndiyo tunayoitafuta, hazikuonyeshi. Zima chaja au kata waya wa paneli kwanza, kwa kuwa mapovu yanayopanda hushika kwenye boya na kulinyanyua, nawe ukasoma juu kuliko ukweli. Hesabu seli kuanzia upande wa chanya ili namba zako zisichanganyike. Chovya mpira, nyonya na urudishe mara mbili au tatu ili bomba lizoee joto la asidi na maji ya juu yachanganyike kidogo. Kisha nyonya kiasi cha kulifanya boya lielee bila kugusa juu, chini wala pembeni. Simamisha bomba wima, shusha jicho lako mpaka lilingane na uso wa asidi, usome pale uso ulipo bapa, siyo pale asidi inapopanda ikishika shina la boya. Rudisha asidi kwenye seli uliyoitoa. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona watu wakinyonya seli ya kwanza na kumwagia ya pili mpaka wamalize zote sita, na baada ya miezi kadhaa ya kupima hivyo wanashangaa kwa nini seli zimetofautiana.

Angalia na rangi ya unachonyonya. Asidi ya seli nzima ni angavu kama maji. Ikiwa ya kahawia au yenye vumbi jeusi linaloelea, plati chanya inamomonyoka, na seli hiyo ndiyo ya kuiwekea shaka hata kama namba yake ni nzuri.

Vaa miwani. Weka karibu ndoo ya maji safi na magadi soda yaliyokorogwa kwenye chupa, kwa ajili ya asidi itakayodondoka kwenye meza au nguo. Ikiingia jichoni ni maji mengi kwa muda mrefu, halafu hospitali. Sigara na moto wowote vikae mbali, kwani betri inayochajiwa inatoa haidrojeni, nayo hulipuka.

Kuna kipimo kingine cha haraka ambacho ningekifanya kabla ya kuondoka na betri saluni. Ipumzishe saa chache bila mzigo na bila jua, kisha pima volti kwa multimita kwenye nguzo zake. Kila seli iliyopumzika ina volti inayokaribia namba ya haidromita ukijumlisha 0.84. Seli zako tano za 1.205 zinatoa 2.045 kila moja, jumla 10.225. Ya nne inatoa 1.99. Zote pamoja ni kama volti 12.2. Multimita ikisoma 12.2, haidromita na betri zinaelewana. Lakini ikisoma 12.5, haidromita inakudanganya, na sababu yake ni ya kawaida sana kwenye betri za sola: asidi nzito imetuama chini kama sukari kwenye chai isiyokorogwa. Betri ya sola isiyopata chaji ya kutosha kila siku haifiki hatua ya kutoa mapovu, na mapovu ndiyo yanayokoroga asidi. Unanyonya maji mepesi ya juu huku nguvu iko chini.

Sasa ipeleke mahali penye umeme wa gridi na chaja nzuri. Usitegemee paneli kwa kazi hii, kwa sababu jua litatua kabla betri haijamaliza. Kwa Ah 100, anza na ampea 10. Volti itapanda taratibu hadi 14.4 au zaidi kidogo na seli zitaanza kutoa mapovu, na watu wengi hapo ndipo wanapochomoa. Wewe usichomoe. Shusha mkondo hadi ampea 4 au 5, acha volti ipande mpaka karibu 15.5, na endelea. Hiyo ndiyo chaji ya kusawazisha, na ifanywe betri ikiwa imetenganishwa na taa, inveta na kontrola, maana volti hizo zinaweza kuviunguza vyombo. Kila baada ya saa moja zima chaja, pima seli zote, andika. Namba zikibaki palepale mara tatu mfululizo, betri imejaa kadiri inavyoweza kujaa. Weka mkono ubavuni mwake mara kwa mara. Ikiwa moto kiasi kwamba huwezi kuuacha mkono, pumzisha mpaka ipoe.

Kuhusu joto, kwenye karatasi ya haidromita utaona imetengenezwa kwa nyuzi ngapi, mara nyingi 25 au 27. Asidi ikiwa moto zaidi ya hapo inavimba, inakuwa nyepesi, na kipimo kinashuka kwa 0.007 kwa kila nyuzi 10. Betri iliyotoka kwenye chaji ikiwa na nyuzi 40 na kusoma 1.255 kwenye haidromita ya nyuzi 27, kiukweli iko 1.264. Ongeza tofauti hiyo unapotaka kujua kama imejaa. Unapolinganisha seli na seli huna haja ya kuhangaika, kwa sababu zote sita zina joto karibu sawa. Na kama seli moja ni moto kuliko wenzake, liandike hilo.

Jambo jingine la kuangalia ni karatasi ya betri yenyewe. Baadhi ya watengenezaji huuza katika nchi za joto betri zinazowekwa asidi ya 1.240 au 1.250 badala ya 1.265, ili plati zisiliwe haraka. Kama yako ni ya namna hiyo, kusoma 1.245 baada ya chaji ndiyo kujaa kwake. Usiilaumu.

Nitachukua namba zako na kukuonyesha jinsi ningezisoma. Tuseme umemaliza kuchaji, tano zimefika 1.265. Ya nne inaweza kuwa mahali pa aina tatu.

Kwanza, iko 1.250 au zaidi, na katika zile saa za mwisho ilikuwa bado inapanda. Hiyo seli ilikuwa imechelewa tu. Kila siku sola iliijaza betri nusu, na seli iliyo dhaifu kidogo kuliko wenzake ikawa inaachwa nyuma mpaka pengo likawa kubwa. Ongeza saa chache za kusawazisha mpaka pengo likae chini ya 0.015, rudisha betri saluni, na ujue tatizo lako halisi liko juu ya paa. Paneli ni ndogo kuliko matumizi, au zimejaa vumbi, au kontrola imewekwa kwa betri kavu na inakata mapema. Betri za maji zinataka kontrola ipande hadi volti 14.4 au 14.8 na ikae hapo kwa muda, na zinataka kusawazishwa kama mara moja kwa mwezi.

Pili, imekwama 1.170, na ulipochungulia kwenye tundu lake wakati wa chaji wenzake walikuwa wanachemka kwa mapovu yenyewe imetulia, labda na joto zaidi. Huo ni mguso wa ndani. Ama unga wa plati umejaa chini mpaka ukaunganisha chanya na hasi, ama kitenganishi kimetoboka. Chaji unayoipeleka inapita kwenye mguso badala ya kurudisha asidi. Kuthibitisha, iache betri siku mbili bila kitu chochote, upime tena. Wenzake watabaki karibu na 1.265, yenyewe itakuwa imeporomoka. Hapo ndipo nasema nunua nyingine, na hakuna asidi wala dawa ya dukani itakayobadilisha jibu hilo. Betri ina seli sita zilizoungwa mfululizo, na iliyokufa inazivuta tano nzima kila siku.

Tatu, imekwama 1.220, lakini ilikuwa inatoa mapovu sawasawa na wenzake, na baada ya siku mbili za kupumzika haijashuka. Seli hii imejaa. Plati zake hazina asidi ya kurudisha tena, na iliyokosekana ilimwagika kweli: betri iliinamishwa kwenye bodaboda, au maji yalizidishwa yakafurika. Tazama chini ya betri na kwenye nguzo kama kuna ukungu mweupe au mbao iliyoliwa, na ukague kasha kama lina ufa upande wa seli hiyo. Kama kasha ni zima, hapa tu fundi wako ana haki ya kugusa asidi. Anyonye kiasi kidogo cha mchanganyiko hafifu, arudishe kiasi kilekile cha asidi ya betri iliyochanganywa tayari, ile ya 1.280 hivi. Asithubutu kuweka asidi ghafi. Achaji saa moja ichanganyike, apime, arudie kidogo kidogo mpaka 1.260. Baada ya hapo seli hiyo isiongezwe asidi tena. Kinachopungua katika maisha ya kila siku ni maji, na kinachorudishwa ni maji.

Ipo hali ya nne, ingawa siitegemei kwako: zote sita zinagoma pamoja, mfano 1.220, huku betri inapata moto na kutoa mapovu. Hapo salfeti imekuwa ngumu kwenye plati zote kwa kukaa muda mrefu bila kujaa. Ampea 2 au 3 kwa siku moja na nusu au mbili, ukichunga joto na kimo cha maji, zinaweza kurudisha sehemu. Zisipopanda kabisa ndani ya muda huo, hazitapanda.

Lakini hata seli zote zikifika 1.265 sawasawa, haidromita haijakuhakikishia kwamba betri ina Ah 100. Hili mafundi wengi hawalisemi. Inapima asidi, haipimi plati. Plati zilizomomonyoka nusu nazo hurudisha asidi yote ziliyoichukua, kwa sababu ziliyoichukua ni kidogo. Njia ya kuligundua ni kupima wakati mashine zinapozima. Baada ya kuijaza betri, itumie kama kawaida, na siku kontrola itakapokata umeme, pima hapohapo. Ukikuta seli zote ziko 1.140 au 1.150, betri imetoa karibu yote iliyokuwa nayo. Ni nzima, matumizi ndiyo makubwa, na kuimaliza hivyo kila siku kutaiua mapema. Ukikuta zote ziko 1.220 na umeme umekatika, asidi ipo tele lakini plati zimechoka kuitumia. Hiyo imekwisha ingawa haidromita inaisifu.

Kwa hiyo muulize fundi alipima saa ngapi. Kama alipima mashine zilipozima, seli tano za 1.205 na moja ya 1.150 zinanipa picha ya seli moja inayoangusha volti wakati wenzake bado wana nguvu, na shaka yangu inaelekea kwenye ile hali ya pili. Kama alipima asubuhi kabla ya jua, huenda ni betri iliyolala na njaa tu, nayo ina nafasi nzuri ya kupona.

Ikifika mahali pa kununua, nenda dukani na haidromita yako. Kama betri imeshajazwa asidi, pima seli sita kabla ya kulipa. Isome 1.250 na kuendelea, au ile namba ya mtengenezaji, na seli zisipishane zaidi ya 0.010. Kama inajazwa asidi mbele yako, subiri nusu saa ndipo upime, na ichajiwe kabisa kabla ya kufungwa, hata muuzaji akisema ipo tayari. Ile ya zamani usiiunge sambamba na mpya ili kuongeza nguvu, maana seli mbovu itakunywa chaji ya betri mpya usiku kucha. Namba sita za siku ya kwanza ziandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa betri, pamoja na tarehe, ili mwakani fundi yeyote atakayekuja awe na kitu cha kulinganisha.